Siku Tano za Hospitali, Mwaka Mzima wa Jumuiya: Mwongozo kwa Anayemsaidia Mtu Kuacha Pombe

Katika nyanda za kati, uamuzi wa kuacha pombe mara nyingi hauanzii zahanati. Unaanzia kwenye ibada ya Jumapili, kwenye mkesha wa maombezi, kwenye mawaidha baada ya swala ya Ijumaa, au kwenye kikao cha wazee wa ukoo waliochoka kuona mahindi na mtama wa familia vikiishia kilabuni. Huko ndiko waliko watu ambao mnywaji anawaamini, na mwongozo huu haukusudii kumtoa huko. Unakusudia kukuonyesha wewe, uliye mke wake au kaka yake, mchungaji wake, imamu wake au mwenyekiti wa jumuiya yake, kwamba kazi yako ni kubwa kuliko unavyodhani, ila haianzi siku unayodhani. Siku tano hivi za kwanza baada ya tone la mwisho ni za mwili, na mwili uliozoea pombe kwa miaka mingi unaweza kumpotezea mtu maisha huku amezungukwa na watu wanaompenda na kumwombea. Siku hizo ni za mganga wa zahanati na hospitali. Mwaka unaofuata ndio wa imani na jamii, na huko hospitali haiwezi kushika nafasi yenu.

Jambo la kwanza la kujua ni kama mtu wako yumo katika hatari hiyo, maana si kila mlevi yumo. Anayelewa chakari kila mwisho wa mwezi anajiharibia mengi, lakini akiacha ghafla kwa kawaida mwili wake hautaasi. Wa kumwangalia ni yule anayekunywa kila siku au karibu kila siku, na zaidi ya hapo yule anayezimua. Muulize kwa upole, asubuhi akiwa hajanywa: akiamka mikono inatetemeka? Anatoka jasho, moyo unamwenda mbio, anasikia kichefuchefu, na yote hayo yanatulia akipata gongo kidogo au kikombe cha pombe ya mtama? Kama jibu ni ndiyo, ubongo wake umeshakuwa tegemezi. Muulize pia kama aliwahi kuanguka kifafa au kuona vitu visivyokuwepo siku alizokosa pombe. Hilo ndilo swali lenye uzito kuliko yote, kwa sababu aliyewahi kuanguka yuko karibu zaidi na kuanguka tena. Kila mara mtu anapoacha ghafla, akarudia, kisha akaacha ghafla tena, ubongo huwa mwepesi zaidi kuwaka. Kwa hiyo yule ambaye tayari amepitia mikesha mitatu ya kuacha na kurudia ndiye anayehitaji uangalizi mkubwa zaidi katika jaribio la nne, ingawa familia huwa imezoea na kudhani itakuwa kama ilivyokuwa. Wahudumu wa afya wana dodoso la maswali 10 liitwalo AUDIT, ambalo hutoa alama kutoka 0 hadi 40. Limetafsiriwa kwa Kiswahili, na alama 20 au zaidi huashiria kwamba huenda mtu ni tegemezi. Unaweza kuomba aulizwe maswali hayo.

Sababu ya hatari hii haina fumbo. Pombe hupooza ubongo. Ikija kila siku, ubongo hujifunza kufanya kazi kwa nguvu zaidi ili mtu abaki macho na kutembea licha ya kile kinachompooza. Ukiiondoa pombe kwa mara moja, ile nguvu ya ziada inabaki bila kitu cha kuituliza, nayo haizimiki kwa usiku mmoja. Ndiyo maana kinachofuata ni mtetemeko, mapigo ya moyo ya haraka, shinikizo la damu kupanda, kukosa usingizi, na kwa wengine degedege la mtu mzima.

Tuseme ni baba wa miaka 45, fundi ujenzi katika kijiji kimoja cha Chamwino, aliyekunywa kila siku kwa miaka 15. Ijumaa saa 3 usiku anakunywa kwa mara ya mwisho, kisha anakubali kuingia katika maombi ya siku tatu ya kufunga bila chakula wala maji. Jumamosi asubuhi, saa 8 hadi 10 baada ya tone la mwisho, anatetemeka na kutapika, na waombaji wanaona anapambana. Kuanzia muda huo mpaka Jumapili usiku, yaani ndani ya saa 48 za kwanza, ndipo kifafa cha kukosa pombe hutokea zaidi. Akipita salama, hatari nyingine huanza Jumapili usiku na kuendelea hadi Jumanne, kati ya saa 48 na 96. Ghafla hajui yuko wapi, anamwita mkewe kwa jina la mama yake aliyekwisha kufa, anafukuza wadudu wasioonekana ukutani, anapiga kelele, mwili unachemka na jasho linamtiririka. Huku ni kuweweseka kwa kukosa pombe. Kusipotibiwa kunaua. Kukitibiwa mapema, vifo hushuka hadi chini ya 5 kati ya 100.

Sasa fikiria waliomzunguka wanaona nini. Mtu mwenye akili timamu Ijumaa, Jumatatu anazungumza na asiyeonekana na kupambana na watu wanne. Katika mazingira yetu wengi watasema pepo limefichuliwa, na maombi yataongezwa nguvu: atashikwa, pengine atafungwa kamba, atanyimwa maji kwa kuwa mfungo haujaisha. Sitaki kubishana nawe kuhusu kuwepo kwa pepo. Ninakuomba utazame saa. Hali iliyoanza siku mbili hadi nne baada ya mtu kuacha pombe, ikiambatana na homa, jasho na mtetemeko, ina jina hospitalini na ina dawa. Kumpeleka huko hakukuzuii kuomba njiani. Kufunga bila kula ndiko kunakoongeza hatari, kwa sababu mnywaji wa miaka mingi huwa ameishiwa vitamini B1, iitwayo pia thiamini, na kukosa chakula juu ya upungufu huo kunaweza kuharibu ubongo kwa namna isiyorudi nyuma. Dalili zake ni macho kwenda upande au kuchezacheza, kuyumba wakati wa kutembea ingawa hajanywa, na kuchanganyikiwa. Kama mfungo ni lazima, wafunge waombaji. Yeye ale, anywe maji, anywe uji. Muislamu anayetaka kuacha pombe kwa ajili ya Ramadhani na ambaye huzimua kila asubuhi aanze wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, akiwa mikononi mwa mganga, badala ya kungoja siku ya kwanza ya mfungo. Na mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, imamu wake atamthibitishia.

Kwa hiyo hatua ya kwanza inayofaa itawashangaza wengi: usimfiche pombe. Mnywaji tegemezi ambaye hajaonana na mganga asilazimishwe kuacha siku hiyo hiyo. Pangeni siku. Nendeni kwanza zahanati au kituo cha afya, na umwandalie mganga majibu manne: anakunywa nini na kiasi gani kwa siku, alikunywa mara ya mwisho saa ngapi, aliwahi kuanguka au kuweweseka, na ana ugonjwa gani mwingine, hasa ini, kisukari, kifua kikuu au jeraha la kichwani. Mseme ukweli wote, pamoja na gongo. Mganga hayupo pale kumkamata. Mpaka siku hiyo ifike, ni bora apunguze kidogo kidogo kuliko kukata kwa ghafla.

Mganga ndiye atakayeamua kama mtu anaweza kuacha akiwa nyumbani au alazwe. Nyumbani kunafaa kwa yule ambaye hajawahi kuanguka wala kuweweseka, hana ugonjwa mkubwa, ana mtu asiyekunywa atakayekaa naye usiku na mchana, na anaishi mahali ambapo mhudumu anaweza kumwona kila siku. Mke aliye peke yake na watoto wanne, kilomita 30 kutoka zahanati, barabara ikiwa imekatika kwa mvua za Januari, hayumo katika hesabu hiyo. Katika hali kama hiyo ombeni kulazwa hospitali ya wilaya, au hospitali za makanisa kama Mvumi kwa watu wa Chamwino na Mtakatifu Gaspar ya Itigi kwa watu wa Manyoni. Dawa ya kawaida ni diazepamu au ndugu zake, ambayo hutuliza ubongo mahali pombe ilipotoka, kisha hupunguzwa siku hadi siku na kukomeshwa ndani ya wiki moja hivi. Pamoja nayo hutolewa thiamini, kwa kawaida miligramu 100 kila siku kwa siku tano, na zaidi kwa sindano kama kuna dalili za ubongo kuathirika. Usinunue diazepamu mwenyewe duka la dawa ukampa kwa kukisia. Ikikutana na pombe tumboni, mtu anaweza kulala asiamke. Vivyo hivyo, achana na dawa za siri za kuwekewa mtu kwenye chakula ili aichukie pombe. Zile zinazofanya kazi kweli zinafanya kazi kwa kumtapisha na kuvuruga mapigo ya moyo akinywa, na asiyejua kwamba amepewa hawezi kujilinda.

Katika siku hizo, kazi ya wanaokaa naye ni ndogo lakini ina maana. Chumba kiwe na mwanga usiku, maana giza huzidisha kuweweseka. Wageni wawe wachache. Apewe maji na chakula chepesi mara kwa mara. Mtu aliyemjua tangu utoto amwambie kila baada ya muda leo ni siku gani na yuko wapi. Sala fupi kwa sauti ya chini inamtuliza, ila vipaza sauti na kelele za kukemea humwongezea hofu ambayo mwili tayari umeshaijaza. Akianguka kifafa, akianza kuchanganyikiwa, akipata homa, akitapika damu au akashindwa kabisa kushika maji tumboni, huo ni mwisho wa kumtunza nyumbani. Tafuteni gari saa hiyo hiyo, hata kama ni saa 9 usiku.

Kuna pingamizi ambalo kila mhubiri amelisikia: fulani wa kijiji cha jirani aliombewa usiku mmoja, akaacha, na leo ni mzee wa kanisa, hakwenda hospitali popote. Ninaamini ushuhuda huo. Kati ya wanywaji tegemezi wanaoacha ghafla, wanaofikia kuweweseka ni wachache, takriban 3 hadi 5 kati ya kila 100, kwa hiyo wengi hupita bila dawa. Tatizo ni kwamba aliyepita ndiye anayesimama mbele kushuhudia. Aliyefia chumba cha maombi anazikwa, na familia husema alikuwa ameshachelewa. Kanisa au msikiti unaosaidia watu 100 kwa miaka kadhaa utawakuta hao watatu au watano, na maswali ya kuzimua na kifafa ndiyo yanayosaidia kuwatambua kabla. Wengine husema kutumia dawa ni kupungukiwa imani. Lakini hao hao humpeleka mtoto mwenye malaria zahanati na kumwombea akiwa kwenye dripu, na hakuna anayeona mgongano.

Pingamizi lingine halisemwi hadharani ila linazuia wengi: aibu ya Mirembe. Kwa wengi Dodoma jina hilo ni tusi la mitaani kabla ya kuwa anwani ya hospitali. Mirembe ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, na uraibu ni sehemu ya kazi yake ya kila siku. Ndipo wanapopatikana madaktari bingwa wa magonjwa ya akili, na ndipo hospitali za mikoa ya kati hupeleka wagonjwa waliowashinda. Kama aibu ni kubwa, anzia hospitali ya rufaa ya mkoa au Benjamin Mkapa na uombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Lakini kama mtu tayari anaweweseka, usipoteze siku ukitafuta mlango usio na jina baya.

Baada ya siku tano hadi saba mtu anarudi nyumbani akiwa dhaifu, akila vizuri, akilala vibaya. Hapo familia hupumua na kudhani imemaliza, kumbe hapa ndipo sehemu yenu inapoanza, na ndipo ushahidi uko upande wenu. Mwaka 2020 watafiti wa mtandao wa Cochrane walikusanya tafiti 27 zilizohusisha watu 10,565, wakapima programu zinazomuunganisha mnywaji na vikundi vya Walevi Wasiojulikana, vile vya hatua 12 vilivyoanzishwa Marekani mwaka 1935. Baada ya mwaka mmoja, watu 42 kati ya 100 walioongozwa kwa utaratibu huo walikuwa hawanywi kabisa, dhidi ya 35 kati ya 100 waliopata tiba nyingine za ushauri. Tafiti nyingi kati ya hizo zilifanyika mbali na Afrika, na tofauti hiyo si ya muujiza. Lakini inatuambia kwamba kukutana na wenzio wanaoacha, bila malipo, kwa muda mrefu, hakuko nyuma ya kazi ya mshauri aliyesomea. Sehemu kubwa ya nguvu yake inatokana na jambo rahisi: mtu hubadilisha watu anaokaa nao jioni. Zanzibar wamelijua hilo kwa miaka mingi kupitia nyumba za upataji nafuu, maarufu kama soba, ambamo hatua hizo 12 huenda sambamba na swala tano.

Hiki ndicho kipimo cha jumuiya yako: nani atakuwa na mtu huyu saa 11 jioni Jumanne ijayo? Pombe hainywewi saa ya ibada. Inanywewa kuanzia kazi inapoisha mpaka usiku, na hizo ndizo saa zinazohitaji watu. Jumuiya ndogo ndogo ya Wakatoliki, kikundi cha ushirika cha Waanglikana, darsa la msikitini, vyote vina watu na vina mahali. Chagueni watu wawili au watatu wasiokunywa, ikiwezekana mmoja wao awe ameacha, wagawane jioni za siku 90 za kwanza: wapite kwake, watembee naye, wale naye. Kisha kuwe na kikao kimoja cha wiki, siku ile ile na saa ile ile, chenye watu wachache, ambapo anaweza kusema jana nilitamani, au jana nilikunywa, bila habari hiyo kufika madhabahuni wala kisimani.

Hapa nina ombi kwa viongozi wa dini: msimsimamishe kushuhudia mapema. Mtu aliyetangazwa mbele ya watu 300 siku ya kumi kwamba amefunguliwa hana tena mlango wa kurudi kusema ameteleza. Atakunywa kwa siri, atakwepa ibada, na mtampoteza mara mbili. Ngojeni walau mwaka. Na padri au mchungaji azungumze naye faraghani kuhusu divai ya meza ya Bwana. Katika Kanisa Katoliki anayepokea mkate peke yake amepokea ushirika kamili, na kwa mtu anayeacha huo ndio utaratibu salama.

Jambo gumu zaidi mara nyingi liko jikoni. Katika vijiji vyetu anayepika pombe ni mama, na ada ya shule na chumvi vinatoka kwenye mapipa ya pombe hiyo. Mnapomwambia baba aache huku mkewe akipika kila Jumatano, mmempa mzigo usiobebeka, na mnapomwambia mama aache kupika bila kumpa njia nyingine, mmeiondolea nyumba chakula. Hapa ndipo vikoba, kikundi cha akina mama au mfuko wa kanisa vinapokuwa tiba kamili: mkopo mdogo wa kuanza biashara nyingine, au kwa miezi ya kwanza, kupikia na kuuzia nyumbani kwa mwenzake. Ujira wa baba upokelewe kwa makubaliano yake mwenyewe na mtu anayemwamini, maana siku ya malipo ndiyo siku ya kwanza ya kurudia. Na tazameni kalenda. Mei hadi Julai, mtama na uwele vikishavunwa, pombe hujaa, sherehe huongezeka na kazi shambani hupungua. Anayeacha Februari anakutana na jaribu lake kubwa akiwa na miezi mitatu tu, na ratiba ya jioni iliyolegea Aprili inapaswa kukazwa tena.

Kama anachotumia mtu wako ni unga, yaani heroini, mpangilio ni mwingine. Arosto ya heroini inatesa sana lakini mara chache inaua mtu mzima mwenye afya. Kinachoua ni kurudia baada ya kukaa safi. Mwili umesahau, yeye anatumia kipimo cha zamani, pumzi inakata. Wiki tatu za kufungiwa kwenye maombi bila tiba zinaweza kumpeleka hapo. Tanzania imekuwa ikitoa methadoni tangu 2011, ilipoanzia Muhimbili, na Dodoma huduma hiyo ipo chini ya Mirembe, katika kituo cha Itega. Mtu hunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu. Wapo watakaomwambia amebadilisha uraibu kwa uraibu. Jibu ni kumtazama: haibi, hajidungi, analala, anafanya kazi. Mhubiri asimwambie aache dozi ghafla. Kuacha, kama kutakuja, hupangwa na kliniki kwa miezi. Kwa ushauri kuhusu dawa za kulevya na vituo vya tiba, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119.

Na akirudia kunywa, uliza kwanza ni kwa muda gani. Kama ni jioni moja, mpelekeni nyumbani, alale, na kikao cha wiki kifanyike kama kawaida. Kama amekunywa kila siku kwa wiki mbili au zaidi na ameanza tena kuzimua, amerudi mwanzo kimwili, hata kama moyoni hajarudi: msimlazimishe kuacha usiku huo, mrudisheni kwa mganga yule yule, na mmwambie kwamba mara hii ni ya pili.